Memo ya benchi si hukumu: maswali ya jaji yanatoka wapi

*"Shikamoo mwalimu. Nimeteuliwa kuwa karani wa jaji kwenye mahakama igizi ya chuo. Nimesoma hoja za pande zote mbili, nikaandika memo ya kurasa 11. Jaji wangu kairudisha na maneno matatu tu: 'Hii ni hukumu.' Nimebakiwa na siku 4. Memo ya benchi inatakiwa iwe na nini hasa, na hayo maswali ya kuwauliza mawakili nayatoa wapi?"*

Marahaba. Jaji wako amekuambia kwa maneno matatu kile ambacho mimi niliambiwa kwa nusu saa, nikiwa nimesimama.

Memo ya benchi ni waraka ambao karani humwandalia jaji kabla ya kusikiliza kesi, ajue hoja za pande zote na pa kuuliza. Sijaiona yako, lakini nadhani najua ilivyo. Umeeleza mkasa, umepanga kesi rejea kuanzia ya zamani hadi ya karibuni, umepima hoja, na mwishoni umeandika kwamba rufaa itupwe au ikubaliwe. Ni kazi nzuri, ila umempa jaji wako jibu wakati yeye anakwenda kuuliza. Jaji wa mahakama igizi hapimi upande upi una sheria. Anapima wakili anasimamaje hoja yake inapobanwa. Ili ambane, anahitaji kujua hoja ya kila upande inalegea wapi, na anahitaji kulijua hilo kwa haraka, maana memo yako ataisoma usiku wa kuamkia siku ya kusikiliza. Majaji wengine husoma ukurasa wa kwanza peke yake, mengine wakayasoma wakiwa wameshakaa kitini.

Nitachukua mkasa mmoja wa kubuni, wa aina inayopendwa sana kwenye mahakama igizi, nikuonyeshe memo inavyojengwa juu yake.

Mteja anafika mahali penye makasha ya kuhifadhia mizigo. Hakuna mhudumu, kuna mashine. Anatumbukiza sarafu, mashine inatoa tiketi, kasha linafunguka. Mbele ya tiketi pameandikwa kwamba inatolewa kwa masharti yaliyobandikwa kwenye nguzo. Nguzo iko mita 9 kutoka kwenye mashine na bango lake lina mistari 31. Mstari wa 17 unasema kampuni haitalipa zaidi ya pauni 50 kwa mali yoyote itakayopotea. Mashine ina kitufe: ndani ya sekunde 60 baada ya tiketi kutoka, ukikibonyeza unarudishiwa fedha zako. Mteja anaweka kamera ya pauni 2,400. Mlango wa kasha ni mbovu, kampuni inajua, na kamera inaibwa. Katika miezi 14 iliyotangulia mteja huyo alishatumia makasha hayo mara 4. Kampuni inakiri uzembe. Inachobishania ni kiasi cha fidia.

Jaji wa awali aliamua mambo mawili: kwanza, mkataba ulikamilika sarafu zilipoingia, kwa hiyo tiketi ilichelewa, pili, hata kama haikuchelewa, taarifa ya masharti haikutosha. Kampuni imekata rufaa juu ya yote mawili, na imeongeza hoja ya tatu, kwamba mteja alishayazoea masharti yale kwa sababu ya mara 4 zilizopita. Sheria inayotumika ni ya mikataba ya Uingereza, ila mwandishi wa mkasa ameziondoa sheria za Bunge zinazomlinda mlaji na kuacha kanuni za mahakama peke yake.

Hilo la mwisho lazima liwe kwenye aya ya kwanza ya memo yako. Jaji akiwa ni wakili wa kazi, jambo la kwanza litakalomjia kichwani ni kwamba tangu 1977 Uingereza ina sheria inayobana masharti ya namna hii, na akianza kumuuliza mwanafunzi juu yake, dakika 3 zimekwenda bure. Andika wazi: "Sheria za Bunge zimeondolewa na mkasa wenyewe, aya ya 21." Fanya hivyohivyo kwa kila jambo ambalo pande zote zimelikubali. Hapa ni uzembe. Wakili akitumia dakika 2 kueleza jinsi mlango ulivyokuwa mbovu, jaji ajue anaweza kumwambia asonge mbele.

Kitu cha pili kwenye ukurasa wa kwanza ni jinsi hoja zinavyoshikana. Hapa ndipo makarani wengi huteleza. Wanaziorodhesha hoja 1, 2, 3 kana kwamba zina uzito sawa na kila moja inajitegemea. Hazijitegemei. Kwenye mkasa huu jaji wa awali alitoa sababu mbili, na kila moja peke yake inatosha kumpa mteja ushindi. Kwa hiyo kampuni ikitaka kushinda kwa njia ya tiketi, lazima ivunje zote mbili. Ikivunja moja tu, imepoteza. Lakini ile hoja ya mazoea ni mlango wa nyuma: ikikubalika, kampuni inaingia hata kama tiketi ilichelewa. Upande wa pili, mteja anatosheka na sababu moja kati ya mbili, ila lazima aufunge pia ule mlango wa nyuma. Niandikie hivyo kwa sentensi 4 na nitakushukuru kuliko kwa kurasa 4 za historia ya sheria. Jaji akilielewa hilo, atajua mara moja kwamba wakili wa kampuni anayemaliza muda wake wote kwenye hoja ya kwanza anajichimbia shimo, na atamuuliza: "Msomi, tukikubaliana nawe hapo, umeshinda?"

Sasa mkasa wenyewe. Ueleze kwa nusu ukurasa, kila sentensi na namba ya aya yake. Karani hana ruhusa ya kujaza pengo, lakini ana wajibu wa kulionyesha. Rudi kwenye zile mara 4. Jalada linasema mteja alitumia makasha mara 4. Halisemi kama kila mara alipewa tiketi, halisemi kama maneno ya tiketi yalikuwa yaleyale, na halisemi kama aliwahi kusoma lile bango. Wakili wa kampuni, ukisoma hoja zake za maandishi, pengine ameandika kwamba mteja "alipokea tiketi zenye masharti hayo mara nne". Hakuna aya inayosema hivyo. Usimwite mwongo, wala usimsahihishe ndani ya memo kwa maneno makali. Andika tu: "Aya ya 14 inataja matumizi mara 4, jalada liko kimya kuhusu tiketi." Swali limeshazaliwa hapo, tutalirudia.

Jinsi ya kuandika kiini cha kila hoja nayo ina ufundi wake. "Je, masharti yalikuwa sehemu ya mkataba?" ni pana mno, haimsaidii mtu. "Je, kampuni inaweza kumfunga mteja kwa masharti aliyofichwa nyuma ya nguzo?" ni uwakili, tena wa upande mmoja. Jaribu hivi: "Je, mkataba ulikamilika sarafu zilipoingia, au ulikamilika baadaye, mteja alipoichukua tiketi na kuacha sekunde 60 za kurudishiwa fedha zipite?" Ndani yake mna ukweli unaombeba mteja na ukweli unaoibeba kampuni. Kipimo changu ni rahisi: jiulize kama mawakili wa pande zote wangeisoma sentensi hiyo bila kununa. Mmoja akinuna, iandike upya.

Twende kwenye kesi rejea. Hapa kesi 3 zinatosha, na usizidishe.

Ya kwanza ni Parker dhidi ya kampuni ya reli ya South Eastern, ya 1877. Mtu aliacha begi kwenye chumba cha mizigo cha stesheni, akapewa tiketi iliyoandikwa mbele kwamba atazame nyuma, na nyuma pana ukomo wa pauni 10. Begi likapotea. Kipimo alichoweka Jaji Mellish kina ngazi. Kama mteja hakujua kabisa kwamba kuna maandishi, hafungwi. Kama alijua kuna maandishi na kwamba yana masharti, anafungwa. Kama alijua kuna maandishi lakini hakujua kuwa ni masharti, anafungwa ikiwa namna alivyopewa tiketi ilikuwa taarifa ya kutosha. Jambo ambalo wanafunzi hulisahau ni matokeo: mahakama haikumpa mtu ushindi, iliagiza kesi isikilizwe upya kwa sababu baraza la wazee wa mahakama, yaani raia walioamua ukweli wa kesi, lilielekezwa vibaya na jaji.

Ya pili ni Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, iliyochapwa 1971. Dereva alifika kwenye maegesho yenye mashine, taa ikageuka kutoka nyekundu kuwa ya kijani, tiketi ikatoka, akaingia. Tiketi ilirejelea masharti yaliyobandikwa ndani, na mojawapo liliondoa dhima hata mtu akiumia. Aliumia vibaya. Bwana Denning, mmoja wa majaji 3 wa Mahakama ya Rufani walioamua kesi hiyo, alisema mashine ikishasimama tayari, pendekezo limeshatolewa, na mteja anakubali anapojifunga kwake bila njia ya kurudi. Anaweza kuilalamikia mashine, hata kuitukana, haitikisiki. Tiketi inakuja mambo yameshakwisha.

Ya tatu ni Hollier dhidi ya Rambler Motors, iliyochapwa 1972. Mwenye gari alikuwa amepeleka gari kwenye gereji ileile mara 3 au 4 katika miaka 5. Mahakama ilisema mazoea ya namna hiyo ni machache mno kuingiza sharti kwenye mkataba ambao safari hii haukuandikwa popote.

Juu ya Thornton nina kovu. Nilipokuwa karani mwanafunzi, niliandika kwenye memo kwamba Mahakama ya Rufani ilikuwa na kauli moja kuhusu ni lini mkataba wa mashine unakamilika. Nilikuwa nimesoma hukumu ya Denning nikaishia hapo, kwa sababu ndiyo inayonukuliwa kila mahali na ndiyo tamu. Jaji wangu akaichukua sentensi yangu kama ilivyo, akamwinamia wakili kijana wa kampuni na kumuuliza anawezaje kusimama mbele ya kauli moja ya mahakama ya juu. Yule binti akafungua jalada lake, akapekua taratibu, akasema: "Mheshimiwa, majaji wote 3 waliitupa rufaa, hilo ni kweli. Lakini Jaji Megaw alisema waziwazi kwamba hatoi kauli ya mwisho kuhusu wakati hasa mkataba ulipokamilika. Yeye aliamua kwa sababu ya upungufu wa taarifa." Chumba kikanyamaza. Jaji hakuniangalia, na hilo ndilo lililoniuma. Binti alipata alama ya juu kabisa siku ile, kwa kosa langu.

Kwa hiyo kwa kila kesi rejea, andika mambo mawili ambayo hayapatikani kwenye muhtasari wa vitabuni: nani alisema, na je, uamuzi ulihitaji aseme. Thornton inamsaidia mteja kwenye hoja zote mbili, lakini si kwa nguvu ileile. Kwenye hoja ya wakati, ana Denning, na ana jaji mwingine aliyeliweka suala hilo kando kwa makusudi. Kwenye hoja ya taarifa yuko imara zaidi, ila kuna ubavu ulio wazi: sharti la Thornton lilihusu mwili wa mtu, jambo ambalo mwenye gari hategemei kulikuta kwenye tiketi ya maegesho, wakati sharti letu ni ukomo wa fidia ya mali, jambo la kawaida tangu enzi za Parker. Sharti likiwa kali na la ajabu, taarifa inayotakiwa inakuwa kubwa zaidi. Likiwa la kawaida, inatosha ya kawaida. Ukimwandikia jaji hivyo, umempa silaha ya kutumia pande zote.

Sasa maswali. Hayatoki kichwani. Yanatoka mahali ukweli mmoja unapofanya kazi mbili zinazopingana. Tafuta huo ukweli kwenye mkasa wako, maana waandishi wa mikasa ya mahakama igizi huuweka kwa makusudi. Kwetu ni kile kitufe.

Tazama kinavyofanya kazi. Kwenye hoja ya kwanza, kitufe ni rafiki wa kampuni. Msingi wa Denning ni kwamba mteja hana njia ya kurudi, na hapa njia ipo, tena kwa sekunde 60. Wakili kiongozi wa kampuni atakiinua juu. Lakini akishakiinua, amemkabidhi wakili mwenzake wa kampuni mzigo kwenye hoja ya pili, kwa sababu sasa dirisha la kusoma masharti ni sekunde 60 kamili, na ndani yake mteja atembee mita 9, asome mistari 31, aufikie wa 17, auelewe, arudi mita 9 na kubonyeza kitufe. Swali la jaji linajiandika lenyewe:

"Msomi, unasema mteja alikuwa na sekunde 60 za kubadili nia. Je, hizo ndizo sekunde alizokuwa nazo za kusoma masharti? Na kama ndizo, zinatosha?"

Chini yake weka jibu unalolitarajia na swali la kufuatia. Wakili mzuri atasema kwamba sheria haidai mteja asome, inadai ajulishwe kuwa masharti yapo, na tiketi imemjulisha. Ni jibu sahihi kabisa kwa mujibu wa Parker. Basi jaji asiachwe hapo mikono mitupu. Swali la kufuatia: "Kama kusoma si lazima, kitufe kinakusaidia nini kwenye hoja ya kwanza? Si ulituambia kina maana kwa sababu kinampa nafasi ya kuyakataa masharti?" Hapo wakili ndipo anapoanza kutoa jasho, na hapo ndipo jaji anapoona kama anafikiri au anakariri.

Upande wa mteja nao upimwe kwa kitufe hichohicho. Wakili wake atasema sekunde 60 ni chache mno, kitufe ni kiini macho. Geuza ukweli mmoja na kuacha mengine yote kama yalivyo: "Kitufe kingekuwa cha dakika 30, ungekubali kwamba mkataba ulikamilika baada ya tiketi?" Akisema ndiyo, amekiri kwamba tatizo lake si wakati wa mkataba bali utoshelevu wa nafasi ya kusoma, na hoja yake ya kwanza imeyeyuka ikaingia ndani ya ya pili. Akisema hapana, lazima aeleze kwa nini mtu anayeweza kurudishiwa fedha zake zote kwa nusu saa nzima tayari amefungwa. Jibu lipo. Kuwa na haki ya kuvunja mkataba si sawa na kutokuwa na mkataba. Lakini wachache watalifikia wakiwa wamesimama, na atakayelifikia anastahili alama.

Uone hapo kwamba kwenye mfano wa dakika 30 nimebadilisha muda peke yake. Makarani wapya hupenda mifano ya kubuni yenye vitu 4 vimebadilika: mashine imekuwa mtu, bango limehamia mlangoni, mteja kawa kipofu, na kamera imekuwa almasi. Wakili atachagua badiliko linalomfaa, atajibu hilo, na jaji hatajua amejibiwa nini.

Lile pengo la jalada nalo litumie hapa, kwa wakili wa pili wa kampuni: "Unaweza kutuelekeza kwenye aya inayosema mteja alipewa tiketi mara 4 zilizopita?" Ni swali fupi, halina mtego wa sheria, na linapima uaminifu. Atakayesema "Hapana, mheshimiwa, jalada liko kimya, lakini naomba mahakama ione kwamba mashine ni ileile" yuko sawa. Atakayeanza kuzungusha, jaji atamwona. Usisahau kumpima na mteja kwenye mlango huohuo, maana Hollier haimbebi kwa urahisi anavyodhani: kule zilikuwa mara 3 au 4 kwa miaka 5, hapa ni mara 4 kwa miezi 14. Muulize wakili wake mstari uko wapi. Je, mara 10 kwa miezi 14 zingetosha? Mara 40?

Halafu kuna swali ambalo karibu kila mahakama igizi hulisahau: unataka tufanye nini? Jaji wa awali alisema taarifa haikutosha, lakini hakuna mahali alipoamua kama mteja alijua kuna maandishi kwenye tiketi. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya Parker. Basi kampuni ikishinda hoja ya kwanza, mahakama iamue yenyewe jambo la ukweli ambalo jaji wa chini hakuligusa, au irudishe shauri likasikilizwe? Hoja za maandishi za kampuni zinaomba fidia ishushwe kuwa pauni 50 basi. Wakili akiulizwa hili atashtuka, na Parker, kesi aliyoinukuu mwenyewe, ndiyo inayomwelekeza pa kwenda.

Maswali mangapi? Kila wakili akiwa na dakika 15, jaji anayeuliza sana atauliza maswali 5 au 6, pamoja na ya kufuatia. Mwandikie 4 kwa kila wakili, na uyapange kwa umuhimu, kwa sababu la mwisho halitafika. Kila swali liweze kusomwa kwa pumzi moja. Lisome kwa sauti. Ukikata pumzi katikati, likate na lenyewe. Kisha hesabu ugumu wa kila upande. Si idadi, ugumu. Mara nyingi utagundua maswali yako makali yote yameelekea upande mmoja, na ukijichunguza utakuta ndio upande uliouandikia hukumu kwenye zile kurasa 11. Huo ndio ubaya halisi wa kuandika uamuzi mapema: unakula maswali ya upande uliokwisha kuupa ushindi.

Je, uweke maoni yako kabisa? Kwenye mahakama halisi wapo majaji wanaotaka karani apendekeze, na wapo wasiotaka hata kusikia. Muulize wako. Akitaka, yaandike kwenye karatasi ya peke yake, nusu ukurasa, umpe mkononi. Yasiwe ndani ya memo, kwa sababu kwenye mashindano memo ileile husomwa na majaji 2 au 3, na hawatakiwi waingie chumbani wakiwa wamepakwa rangi moja. Kwa sababu hiyohiyo, memo haionwi na timu yoyote, hata rafiki yako wa chumba kimoja. Ukiichapa, usiache nakala kwenye mashine ya chuo. Nacheka ninapoandika hivi, ila imewahi kutokea, na raundi nzima ikabidi iahirishwe.

Kuhusu siku 4 zako. Leo usiandike kitu. Chukua hoja za maandishi za pande zote, weka moja kushoto na nyingine kulia, na kwa kila aya ya kampuni tafuta aya ya mteja inayoijibu. Utakuta baadhi hazina mwenza, na hizo ziwekee alama, kwa maana hoja isiyojibiwa ni swali kwa aliyenyamaza: "Mwenzako anasema hivi kwenye aya ya 9, hamjajibu. Mnakubali?" Kesho soma kesi 3 au 4 nzimanzima, kila jaji, mpaka mstari wa mwisho. Siku ya tatu andika, na usivuke kurasa 5: moja ya ramani, nusu ya mkasa, moja na nusu kwa hoja na kesi rejea zake, na 2 za maswali. Ukiona sehemu ya sheria imeishinda ya maswali kwa urefu, umeanza tena kuandika hukumu.

Siku ya nne asubuhi, toa karatasi moja zaidi. Weka juu yake maswali peke yake, kwa herufi kubwa, wakili mmoja mmoja, na pembeni ya kila swali namba ya aya ya jalada na ukurasa wa kesi. Jaji akiuliza kuhusu Megaw na wakili akasema hakumbuki kama alisema hivyo, jaji awe na ukurasa wa kumtajia palepale.